Tuzo ya City Water: Tanzania ilivunja mapatano, lakini haikulipa fidia

Julai 24 mwaka 2008 jopo la wasuluhishi watatu lilitoa uamuzi katika kesi ambayo kampuni ya Biwater Gauff ya Uingereza iliifungulia Serikali ya Tanzania. Kiini cha kesi kilikuwa maji ya mji wa Dar es Salaam.

Uamuzi huo ulikuwa na sura mbili. Wasuluhishi walisema Tanzania ilivunja mapatano yake na Uingereza, tena kwa njia zaidi ya moja. Papo hapo walikataa kuiamuru ilipe fidia, hata senti moja. Kampuni ilikuwa imedai takriban dola milioni 20 za Marekani.

Wengi waliosikia habari hizo, nyumbani na ughaibuni, walibaki na swali moja: aliyeshinda ni nani? Kila upande ulikuwa na sentensi yake ya kunukuu. Kampuni iliweza kusema kwamba imethibitishwa ilinyang'anywa mali. Serikali iliweza kusema kwamba madai ya fedha yametupwa. Wote wawili walisema kweli.

Njia ya kuielewa tuzo kama hii, na hapa neno tuzo lina maana ya hukumu ya wasuluhishi, si zawadi, ni kuacha kuuliza nani ameshinda kesi na kuanza kuuliza kila dai limefika wapi. Dai hupita milango kadhaa. Je, jopo lina mamlaka ya kulisikiliza? Je, tendo linalolalamikiwa lilifanyika, na ni kosa kwa mujibu wa mapatano? Je, kosa hilo ndilo lililoleta hasara? Na hasara hiyo ni kiasi gani? Dai laweza kupita milango miwili ya mwanzo kwa kishindo na kukwama kwenye wa tatu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mkataba ulivyoanza na ulivyokwisha

Mwaka 2003 Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikubali kutoa takriban dola milioni 140 za kukarabati mfumo wa majisafi na majitaka wa Dar es Salaam. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba uendeshaji ukabidhiwe kampuni binafsi.

Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani ziliunda kampuni ya pamoja, Biwater Gauff, iliyoandikishwa Uingereza. Kampuni hiyo, pamoja na mbia wa Kitanzania, ikaunda City Water. Biwater Gauff ilikuwa na asilimia 51 ya hisa, na mbia wa Kitanzania asilimia 49. Februari 2003 City Water ilitia saini mkataba wa miaka 10 na mamlaka ya maji ya DAWASA, na Agosti mosi mwaka huo ikaanza kazi.

Mabomba yalibaki mali ya DAWASA. City Water iliyakodi, ikatoza wateja ankara, ikabaki na sehemu ya makusanyo na kuipa DAWASA sehemu nyingine. Kwa hiyo uhai wa biashara yote ulitegemea jambo moja: kujua nani anatumia maji, kumpelekea ankara na kukusanya fedha zake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Makusanyo yalikuwa chini ya yale yaliyotarajiwa, bei iliyotajwa kwenye zabuni ilikuwa ndogo mno kwa kazi iliyokuwapo, na kampuni ikaanza kubaki nyuma katika malipo yake kwa DAWASA. Ikaomba mkataba urekebishwe. Mazungumzo yaliendelea hadi mwaka 2005 bila mafanikio.

Mwezi Mei 2005 mambo yalikwenda mbio. DAWASA iliidai benki fedha za dhamana ya utekelezaji, yaani amana ambayo mkandarasi huweka ili ichukuliwe akishindwa kazi, na ikaanzisha taratibu za kuvunja mkataba. Mei 13 Waziri wa Maji wa wakati huo, Edward Lowassa, akatangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Baadaye mwezi huo msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani ambao City Water ilikuwa nao ukaondolewa. Juni mosi maafisa wa Serikali wakaingia katika ofisi za kampuni na uongozi mpya ukatambulishwa kwa wafanyakazi. Mameneja watatu wa kigeni wakakamatwa na kusafirishwa nje ya nchi. Kazi ya maji ikachukuliwa na shirika jipya la umma, DAWASCO.

Kesi mbili, si moja

Kabla ya kuingia ndani ya tuzo ya mwaka 2008 ni lazima kutenganisha kesi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa.

Kesi ya kwanza ilikuwa kati ya City Water na DAWASA, na ilihusu mkataba: nani aliuvunja, na nani ana deni kwa nani. Ilisikilizwa chini ya kanuni za usuluhishi za tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara. Kufikia Januari 2008 ilikuwa imeripotiwa kwamba DAWASA imeshinda na kupewa takriban pauni milioni 3 za Uingereza.

Kesi ya pili ndiyo tunayoieleza hapa. Mdai alikuwa Biwater Gauff, mwenye hisa, na mdaiwa alikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania yenyewe. Ilisikilizwa katika kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia mjini Washington, kinachojulikana kama ICSID, na msingi wake haukuwa mkataba wa maji bali mapatano ya mwaka 1994 baina ya Uingereza na Tanzania ya kukuza na kulinda uwekezaji. Jopo liliongozwa na Bernard Hanotiau, akiwa pamoja na Gary Born na Toby Landau.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata. Mtu akivunja mkataba, amemkosea mwenzake wa mkataba. Dola ikivunja mapatano ya kimataifa, imetumia vibaya mamlaka ambayo mtu wa kawaida hana.

Dai lililoishia mlangoni

Kampuni ilijaribu kwanza kupita njia mbili kwa pamoja. Mbali na mapatano na Uingereza, iliegemea pia Sheria ya Uwekezaji ya Tanzania ya mwaka 1997, ikisema sheria hiyo nayo inairuhusu kuipeleka Serikali mbele ya ICSID.

Wasuluhishi walikataa. Walisema sheria hiyo inataja usuluhishi wa kimataifa kama njia mojawapo, lakini haisemi kwamba Serikali imekwisha kukubali kushtakiwa huko; panahitajika makubaliano mengine ya pande mbili. Kwa hiyo dai hilo halikupimwa kwa uzito wake. Lilikosa mlango wa kuingilia, basi.

Serikali nayo ilikuwa na pingamizi lake: kwamba biashara hii haikuwa uwekezaji wa kweli, kwa kuwa kampuni iliingia ikijua itapata hasara, ili ijijengee jina na kazi nyingine. Jopo halikukubali. Mtu aliyeweka mtaji na kuchukua dhima ya miaka 10 amewekeza, hata kama hesabu zake zilikuwa mbovu.

Kunyang'anywa mali

Dai zito kuliko yote lilikuwa la kunyang'anywa mali. Mapatano yanasema mwekezaji hatanyang'anywa mali yake ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haraka, inayotosha na inayolipika.

Kampuni ilitaka matukio yote ya miaka miwili yahesabiwe kuwa ni unyang'anyi mmoja uliokuja polepole: kukataliwa kwa marekebisho ya mkataba, kuchukuliwa kwa dhamana, ilani ya kuvunja mkataba, hotuba za waziri, kodi, na mwisho Juni mosi.

Wasuluhishi waliyachambua matukio hayo kama mtu anayechagua mchele. Kwa kila tendo waliuliza: je, hili ni tendo la mkabaa wa kawaida katika mkataba, au ni tendo la dola?

Msomaji anaweza kutumia kipimo chepesi. Fikiria mwenye nyumba na mpangaji aliyechelewesha kodi. Mwenye nyumba anaweza kukataa kupunguza kodi. Anaweza kuchukua amana. Anaweza kutoa ilani. Huenda anakosea katika hayo yote, lakini makosa yake ni ya mwenye nyumba. Asichoweza ni kumfutia mpangaji msamaha wa kodi ya Serikali, wala kuagiza apandishwe ndege.

Kwa kipimo cha namna hiyo, kushindikana kwa mazungumzo hakukuwa kosa la kimataifa, kwa sababu Serikali haikuwa na wajibu wa kuubadilisha mkataba kwa vile tu mwenzake amegundua kwamba bei yake haimtoshi. Kudai dhamana hakukuwa kosa la kimataifa. Ilani ya DAWASA haikuwa kosa la kimataifa. Yote hayo yalikuwa mambo ya mkataba, na mahali pake palikuwa kwenye ile kesi nyingine.

Lakini tangazo la waziri, kuondolewa kwa msamaha wa kodi, kutwaliwa kwa ofisi na kufukuzwa kwa mameneja hayakuwa matendo ya mkataba. Ilani ilikuwa imekwisha kutolewa na muda wake ulikuwa unahesabika. Kwa taratibu za kawaida mkataba ungekwisha kabla mwezi Juni haujamalizika. Serikali haikungoja. Kwa pamoja, matendo hayo yaliondoa mikononi mwa kampuni haki ambazo bado ilikuwa nazo. Jopo likasema mali ilinyang'anywa, na kwamba kilele chake kilikuwa Juni mosi 2005.

Serikali ilijitetea kwamba maji ni uhai, na kwamba afya ya mamilioni ya watu ilikuwa hatarini. Mashirika matano ya kiraia, yakiwamo matatu ya Tanzania yanayoshughulikia mazingira, haki za binadamu na jinsia, yaliruhusiwa mwaka 2007 kuwasilisha maoni yao kwa maandishi, na yalisisitiza jambo hilohilo. Ni mojawapo ya kesi za mwanzo za aina hii ambamo sauti kama hizo zilisikilizwa. Lakini utetezi haukutosha. Wasuluhishi hawakuona dharura iliyohitaji kufanya Juni mosi kile ambacho kingekuja chenyewe baada ya wiki chache. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye funzo chungu kwa upande wa Serikali: ilikuwa na njia halali mkononi, tena iliyokaribia kufika mwisho, ikaiacha.

Madai mengine ya mapatano

Madai yaliyofuata yaliegemea matukio yaleyale, kwa hiyo jopo halikuhitaji kuyazungukia sana.

Wajibu wa kumtendea mwekezaji haki na usawa ulivunjwa. Hotuba za waziri ziliingilia utaratibu uliokuwa ukiendelea na kuwasha moto wa maoni ya umma dhidi ya kampuni ambayo bado ilikuwa na wafanyakazi wa kuwaongoza na ankara za kukusanya. Wajibu wa kutochukua hatua zisizo na sababu ya busara ulivunjwa pia, kwa hoja ileile ya kutongoja.

Wajibu wa kutoa ulinzi na usalama kamili unastahili neno moja zaidi. Wengi hudhani maana yake ni polisi kuzuia waporaji. Jopo lilikwenda mbali zaidi, likasema wajibu huo unahusu pia mazingira tulivu ya kisheria na ya kibiashara. Kwa hiyo haikuwa lazima mtu apigwe wala mlango uvunjwe. Juni mosi ilitosha.

Dai moja lilianguka kabisa. Kampuni ilisema ilinyimwa haki ya kuhamisha fedha zake kwenda nje. Wasuluhishi walijibu kwamba kifungu hicho kinampa mwekezaji uhuru wa kuhamisha fedha alizonazo. Hakimhakikishii kwamba atakuwa na fedha za kuhamisha.

Mpaka hapa msomaji aliyekuwa akihesabu mabao angesema Serikali imefungwa manne kwa moja. Ndiyo maana ukurasa wa fidia huwashangaza watu.

Kwa nini fidia haikutolewa

Kanuni kuu ya fidia katika sheria ya kimataifa ni ya zamani. Mwaka 1928, katika kesi ya kiwanda cha Chorzow baina ya Ujerumani na Poland, mahakama ya kimataifa ya wakati huo ilisema fidia ifute matokeo ya kosa na kumrudisha aliyekosewa katika hali ambayo angekuwamo kama kosa lisingetendwa.

Maneno ya mwisho ndiyo yanayobeba uzito: kama kosa lisingetendwa. Msuluhishi hulazimika kuchora picha mbili. Moja ni ya mambo yalivyokuwa. Nyingine ni ya mambo ambavyo yangekuwa bila kosa. Fidia ni tofauti ya picha hizo mbili, wala si adhabu ya ubaya wa kosa.

Jinsi ya kupima thamani ya biashara iliyonyang'anywa kuna njia kadhaa, na inayotumika sana ni ya kukadiria faida ya miaka ijayo na kuirudisha kwenye thamani ya leo. Tuchukue mfano wa kubuni, usio na uhusiano na hesabu za City Water. Kampuni inapata faida ya shilingi milioni 360 kwa mwaka na mkataba wake umebakiza miaka minane. Jumla yake ni milioni 2,880. Lakini shilingi ya mwaka wa nane si sawa na shilingi ya leo. Mnunuzi anayekubali kungoja, na kubeba hatari ya mambo kuharibika, hutaka punguzo. Akitaka asilimia 15 kwa mwaka, faida hiyo yote ya miaka minane inakuwa na thamani ya takriban milioni 1,615 leo. Huo ndio mwanzo wa fidia katika mfano wetu. Riba huongezwa baadaye, kuanzia siku ya kunyang'anywa hadi siku ya malipo.

Angalia vitu viwili vinavyoushikilia mfano huo: faida, na miaka iliyobaki. Ukiondoa faida, hakuna cha kuzidisha. Ukiondoa miaka, hakuna cha kukizidisha nacho.

City Water mnamo Juni mosi 2005 ilikuwa imekosa vyote viwili. Ilikuwa ikiendeshwa kwa hasara, na ilani ya kuvunja mkataba ilikuwa imebakiza wiki chache tu kutimia. Ingeweza kuwa na thamani endapo DAWASA ingekubali kupandisha bei na kupunguza masharti, lakini jopo lilikuwa limekwisha kusema kwamba hakukuwa na wajibu wa kufanya hivyo. Mfanyabiashara mwenye akili timamu, walisema kwa maana hiyo wasuluhishi, asingetoa bei yoyote kuinunua kampuni hiyo siku ile. Thamani yake ilikuwa sifuri.

Mtu atauliza: na mtaji uliokwisha kuwekwa? Fedha za kweli zilitoka Uingereza zikaingia Dar es Salaam, zimekwenda wapi? Kuhesabu mtaji uliowekwa ni njia inayokubalika pale ambapo biashara bado changa na faida haiwezi kukadiriwa. Hata hivyo, fedha zilizotumika si lazima ziwe sawa na thamani iliyobaki. Mtu akinunua jahazi kwa shilingi milioni 50, likapasuka mwambani na maji yakaanza kuingia, kisha ofisa wa bandari akaja kulitwaa bila haki lilipokuwa likizama, swali la fidia si lilinunuliwa kwa bei gani. Swali ni lilikuwa na bei gani saa ile, na nani alilipasua.

Kwa wasuluhishi walio wengi, Hanotiau na Landau, jibu la nani alilipasua lilikuwa wazi. Hasara ya Biwater Gauff ilitokana na zabuni iliyokosewa na udhaifu katika uendeshaji na ukusanyaji wa ankara, mambo yaliyotangulia Mei 2005. Makosa ya Serikali yalikuja baadaye. Yalikuwa makosa, lakini hayakuwa chanzo cha hasara iliyodaiwa. Walisema hivyo kwa kila dai lililofaulu: kosa lipo, uhusiano wa kosa na hasara haupo, fidia haipo.

Msuluhishi wa tatu, Gary Born, alikubali kwamba kiasi ni sifuri lakini akaandika maoni yake pembeni kuhusu njia iliyotumika. Kwake yeye, Serikali ilisababisha madhara. Kampuni ilikuwa na haki ya kuendesha shughuli zake mpaka ilani itimie, nayo ilinyimwa haki hiyo siku ile. Madhara yalikuwapo, ni thamani yake katika fedha ndiyo haikuthibitishwa. Kwa lugha ya jahazi, nahodha alikuwa na haki ya kushika usukani mpaka dakika ya mwisho.

Je, kuna tofauti ikiwa sifuri ni ileile? Kwa Biwater Gauff, hapana. Kwa kesi zijazo, ndiyo. Ukisema kosa halikusababisha madhara, umeufunga mlango wa tatu, na mdai hana tena cha kuthibitisha. Ukisema madhara yapo ila hesabu ndiyo iliyokosekana, mdai mwingine mwenye vitabu bora vya hesabu anaweza kuja akapita.

Na kesi zimekuja. Julai 2023 jopo jingine la ICSID liliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, pamoja na riba na gharama, kwa wawekezaji wa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill ambao haki zao za leseni zilifutwa baada ya mabadiliko ya sheria ya madini. Mwaka 2024 pande mbili zikakubaliana kwa dola milioni 90. Ni nchi ileile, na mdai ana mapatano yaleyale ya Uingereza mkononi. Lakini safari hii mwekezaji alifanikiwa kulishawishi jopo kwamba kilichochukuliwa kilikuwa na thamani.

Gharama: mzigo uliogawanywa

Sehemu ya mwisho ya tuzo ndiyo inayosomwa na wachache, na ni kosa, kwa sababu kesi za namna hii hudumu miaka na hula fedha nyingi. Maombi ya kampuni yalifunguliwa mwaka 2005. Tuzo ikaja miaka mitatu baadaye.

Gharama ni za namna mbili. Kuna za jopo na kituo chenyewe: malipo ya wasuluhishi, safari zao, vikao. Na kuna za kila upande: mawakili, wataalamu wa hesabu, mashahidi. Mara nyingi hizi za pili ndizo kubwa zaidi.

Mkataba ulioanzisha ICSID haulazimishi anayeshindwa alipe kila kitu. Unawaachia wasuluhishi waamue. Baadhi ya majopo hufuata kanuni ya gharama kumwandama aliyeshindwa; mengine huacha kila mtu abebe mzigo wake. Katika kesi hii jopo lilichagua njia ya pili. Gharama za kituo na za wasuluhishi ziligawanywa nusu kwa nusu, na kila upande ukajilipia mawakili wake.

Mtu aliyefuatana na madai moja baada ya jingine hashangai. Biwater Gauff ilishinda kwenye kosa ikashindwa kwenye fedha. Serikali ilishindwa kwenye kosa ikashinda kwenye fedha. Ingekuwa vigumu kumnyooshea mmoja wao kidole kwamba ndiye aliyeshindwa.

Kwa hiyo ule usemi kwamba Tanzania haikulipa chochote ni kweli kwa upande wa fidia tu. Nusu ya gharama za usuluhishi na malipo yote ya mawakili wake yalitoka katika hazina ya umma. Na ile pauni milioni 3 iliyoamuliwa kwa faida ya DAWASA katika kesi ya mkataba ilikuwa ikidaiwa kwa City Water, kampuni ambayo jopo la pili lilikuwa limesema thamani yake ni sifuri.